Ekari 500 zilizozaliwa ndani ya kompyuta

Kimya changu cha wiki nzima kimesababishwa na karatasi 38. Ni ripoti ya bwana shamba mmoja, sasa mstaafu, aliyoipiga kwa taipureta mwaka 1975 baada ya Operesheni Vijiji kupita wilayani kwao. Ndani yake kuna majedwali ya kaya zilizohamishwa na ekari zilizoachwa. Wajukuu wa wale waliohama wanaitaka, maana mashamba hayo bado yanagombewa. Mzee amekubali isambazwe, ila kwa sharti moja: isiseme asichosema yeye.

Kuskani si kazi. Nukta 300 kwa inchi zinatosha, halafu programu inageuza picha kuwa maandishi. Mimi hutumia Tesseract, ambayo ni ya bure na ina faili la Kiswahili. Bila kuiambia kwamba ni Kiswahili, inabahatisha kwa Kiingereza na kuharibu hata maneno yanayosomeka vizuri:

```
tesseract uk12.png uk12 -l swa --psm 6
```

Hiyo 6 inaiambia iuchukulie ukurasa kama bonge moja la maandishi, jambo linalosaidia mistari ya jedwali isitawanyike.

Kazi inaanza hapo. Nakala ya mzee ni ya kaboni, na kwenye kaboni tumbo la "e" hujaa wino likasomeka "c" au "o". Herufi "m" hupasuka ikawa "rn", basi unakuta "rnashamba". Ng'ombe anakuwa "ng!ombe". Makosa haya yanachekesha, lakini hayana hatari kubwa, kwa sababu jicho linayaona. Hatari ni kuyafuta yote kwa mpigo. Ukiamuru kila "rn" iwe "m", Bernard aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji anageuka Bemard, na mjukuu wake akitafuta jina hilo kwenye faili halipati. Badilisha moja moja, huku picha iko pembeni.

Tarakimu ndizo zenye hila. Taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1, mpigaji alitumia "l" ndogo. Wengine walipiga "O" kubwa mahali pa sifuri. Kwa hiyo "l974" si kosa la kompyuta, ndivyo ilivyopigwa. Hizo nazitafuta hivi:

```
grep -nE '[0-9][lIO]|[lIO][0-9]' ripoti.txt
```

Lakini amri hiyo haiwezi kukamata 3 iliyosomwa 8, kwa sababu 8 nayo ni tarakimu halali. Neno lililoharibika linajipigia kelele. Namba iliyoharibika imekaa kimya na suti yake.

Ukurasa wa 12 ulikuwa na vitongoji vitano. Kompyuta ilinipa ekari 412, 886, 275, 198 na 331, na chini yake jumla ya mzee: 1,602. Nikajumlisha nikapata 2,102. Zimezidi 500 kamili. Tofauti yenyewe inaonyesha mahali pa kutazama: safu ya mamia, tarakimu iliyoongezwa tano. Mgombea namba moja ni 8 iliyokuwa 3. Nikaikuza picha ya kitongoji cha pili, nikakuta 3 ambayo mdomo wake umezibwa na doa la kaboni. Ni 386. Fikiria faili lile lingesambaa hivyo: kitongoji kizima kingedai ekari 500 ambazo hazikuwahi kulimwa, na upande wa pili ungepata sababu ya kuitupa ripoti yote.

Jumla kukubali si uthibitisho kamili, maana makosa mawili yanaweza kufutana. Ndiyo maana rafiki yangu alisoma karatasi kwa sauti, "tatu, nane, sita", tarakimu kwa tarakimu, nami nikifuata kwenye skrini.

Jedwali la kaya lilinipa mtihani mwingine. Namba zinajumlika 241, jumla iliyoandikwa ni 214. Tofauti ni 27, inayogawanyika kwa 9, dalili ya kawaida ya tarakimu mbili kupishana. Nikakuza picha: 214, safi kabisa. Hapo aliyekosea ni kidole cha mwaka 1975, si kompyuta. Sikuigusa. Niliiacha 214 na kuongeza kwenye mabano ya mraba: [hesabu inatoa 241]. Vivyo hivyo tahajia za mzee zimebaki zake. Nikianza kumsahihisha, ripoti inakuwa yangu.

Faili litatoka pamoja na picha za kurasa zote 38, ili anayetilia shaka namba yoyote aifungue karatasi yenyewe aitazame. Aliyewahi kupambana na kaboni iliyofifia kuliko hii, atupe mbinu zake.