Kizimkazi Mbili na Saa Nane ya Asubuhi

Katika kazi yetu ya kusoma prufu, kijitabu cha watalii hatukisomi mara moja. Tunakisoma mara tatu: kwanza majina ya mahali, kisha saa, na mwisho madai. Anayetafuta yote matatu kwa pamoja huvutwa na sifa za bahari na mchanga, akalipita kosa bila kuliona. Karibuni tuliletewa prufu ya kijitabu cha Unguja, kwa Kiswahili na Kiingereza, kutoka kwa kampuni moja ya kutembeza wageni. Tumeona tuwaeleze wasomaji tuliyoyakuta humo, kwani ukurasa uliotushughulisha zaidi ulihusu nyumba ya ibada: msikiti wa Kizimkazi.

Tulianza na majina. Kila jina tuliliandika pembeni pamoja na namba za kurasa linapotokea. Kizimkazi lilikuja kwa sura tatu: Kizimkazi, Kizimkasi na Kizim Kazi. Kompyuta, ukiiamuru itafute neno, hukuletea lile tu uliloliandika. Kwa hiyo tulitafuta "Kizim" peke yake, zikajitokeza zote tatu. Lakini kosa kubwa halikuwa la herufi. Ramani iliuweka msikiti Kizimkazi Mkunguni, na msikiti uko Kizimkazi Dimbani. Hivi ni vijiji viwili jirani vinavyoshiriki jina. Jina laweza kuandikwa sahihi kabisa na bado likampeleka mgeni kusiko. Ndiyo maana kila jina hulilinganisha na ramani, si na jina jingine tu.

Zikafuata saa. Upande wa Kiingereza uliandika kwamba wageni hupokewa msikitini kuanzia 8:00 hadi 18:00. Upande wa Kiswahili ukasema: "saa 8 asubuhi hadi saa 6 jioni." Mzaliwa wa pwani atacheka, kwa kuwa asubuhi haina saa nane wala jioni haina saa sita. Mfasiri alizihamisha tarakimu bila kuzihesabu upya. Ilipasa iwe saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kosa la namna hii hutambulikana kwa kusoma saa pamoja na neno linaloifuata, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Visipopatana, tarakimu imehamishwa tu.

Hata baada ya kusahihishwa, mstari ule haukutosha. Msikiti wa Dimbani unasaliwa hadi leo. Saa zilizoandikwa bila mapumziko zingemwingiza mgeni na kamera yake katikati ya hotuba ya Ijumaa. Tuliomba kampuni iwaulize wasimamizi wa msikiti wenyewe, isinakili kijitabu cha zamani. Kwa hakika kunakili ndiko kulikozaa kosa jingine, kwani ukurasa uliofuata uliwaalika wageni kuingia Beit al-Ajaib "kila siku", ilhali sehemu ya jengo hilo iliporomoka Disemba 2020.

Mwisho yakaja madai. Kijitabu kilisema: "Msikiti wa kale kuliko yote Afrika Mashariki, umesimama vilevile tangu 1107." Tuliigawa sentensi hii vipande viwili, tukapima kila kimoja. Tarehe ina msingi: ndani ya msikiti yamo maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, unaolingana na 1107 Miladia. Lakini "umesimama vilevile" si kweli, kwa sababu sehemu kubwa ya jengo la leo ilijengwa upya katika karne ya 18. Nalo "kuliko yote" linaanguka huko Shanga, kisiwani Pate, ambako wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya misikiti ya tangu karne ya 8.

Mwenye kampuni alisikitika; alihofu kwamba bila "kuliko yote" wageni hawatakwenda. Tukampa sentensi hii: "Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria (1107), na waumini bado wanasali humo." Aliisoma mara mbili, akakiri kuwa inavutia zaidi ya ile ya kwanza, na hakuna mzee wa Dimbani atakayemkanusha mgeni wake.

Prufu ya pili iliporudi, saa zilikuwa sawa na madai yamerekebishwa. Hata hivyo Kizimkasi lilikuwa limebaki mahali pamoja: ndani ya ramani. Maandishi ya ramani ile yalikuwa sehemu ya picha, na kompyuta haikuweza kuyatafuta. Lilionekana kwa macho tu, kwa kupitisha kidole kijiji baada ya kijiji, kutoka Nungwi kaskazini hadi Kizimkazi kusini.