Nilifungua Yoeli

Kosa langu lilianzia kwenye simu. Susu alikuwa ameita kikao uwanjani kwake, pale Sultan Hamud, upande wa chini wa reli ya zamani. Baba aliketi kwenye stuli kulia, anko akaketi kushoto juu ya jerikeni, na katikati yao kulikuwa na meza ndogo ya plastiki. Juu ya meza kulikuwa na panga la anko. Susu ndiye alisema liwekwe hapo.

Wiki mbili kabla, anko alikuwa amemnyooshea baba hilo panga kwenye mpaka wa shamba. Hakumkata. Lakini alilinyoosha, na watoto wa shule waliona.

Mimi ndiye msomaji wa familia. Nilisoma teolojia mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda, na tangu hapo kila harusi na kila matanga naitwa kusoma. Susu akaniambia, "Tusomee ile ya panga na majembe." Nikaandika maneno hayo mawili kwenye apu ya Biblia. Yakaja majibu matatu, kwa mpangilio wa vitabu: Isaya 2:4, Yoeli 3:10, Mika 4:3. Kioo cha simu yangu kina ufa. Nikabonyeza la katikati.

Kama hujawahi kusoma Yoeli, wacha nikueleze. Isaya na Mika wanasema siku inakuja ambapo mataifa yatachukua silaha zao na kuzifua ziwe zana za shamba. Yoeli anasema kinyume chake. Anaamuru zana za shamba zifuliwe ziwe silaha, kisha anaongeza kwamba hata mnyonge ajitangaze kuwa shujaa. Nilifika hapo kwa mnyonge ndipo nikasikia sauti yangu. Anko akaangua kicheko. Baba hakucheka. Susu akasema, "Hiyo siyo. Lakini hiyo nayo iko."

Hilo neno lake, "nayo iko", ndilo lilinifanya nikae na hivi vifungu vitatu kwa mwezi mzima.

Isaya na Mika waliishi wakati mmoja, karne ya nane kabla ya Kristo, katika ufalme wa Yuda. Unabii wao hapa unafanana karibu neno kwa neno, si mstari mmoja tu bali mistari mitatu mfululizo. Chuoni tulifundishwa majibu ya kawaida: Mika alimnukuu Isaya, au Isaya alimnukuu Mika, au wote wawili walichukua maneno yaliyokuwa yakijulikana tayari, au mhariri wa baadaye aliyatia pote pawili. Hakuna aliyethibitisha. Mimi siku hizi sijali sana nani alitangulia. Najali kila mmoja ameyaweka wapi.

Isaya ni mtu wa Yerusalemu, mtu anayeongea na wafalme. Mika anatoka Moreshethi, mji mdogo wa mashambani, na sura yake ya pili inawalaani wale wanaolala wakipanga namna ya kunyang'anya mashamba ya wenzao, halafu asubuhi wanatekeleza kwa sababu wana nguvu. Sura ya tatu inaisha kwa tishio kwamba Sayuni, mji wenyewe, utalimwa kama shamba. Geuza ukurasa tu, unakutana na majembe ya amani. Yaani kwa Mika, kabla jembe halijawa picha nzuri, limeshapita juu ya mji mkuu.

Kisha anaongeza kitu ambacho Isaya hana mahali hapo. Anasema kila mtu ataketi chini ya mzabibu wake na mtini wake, na hakuna atakayemtia hofu. Mtu wa Ukambani haelezwi hiyo ni nini. Ni mwembe wako, kivuli chako, na mpaka ambao hauamki usiku kwenda kuuangalia kama mkonge umehamishwa.

Jambo lingine nililikuta kwa kwenda polepole. Katika Isaya na Mika, kabla silaha hazijafuliwa, Mungu anaamua kesi. Kitenzi cha Kiebrania ni kile kinachotumika kwa mwamuzi, shafat. Ndipo panga zinafuliwa. Hakuna anayeambiwa aweke silaha chini kwanza halafu mengine tutaona. Na Yoeli anatumia kitenzi hichohicho. Bonde anakoyaita mataifa linaitwa la Yehoshafati, jina linalobeba hukumu ndani yake. Tofauti ni kwamba kwa Yoeli mataifa hayaji kusikilizwa kesi, yanakuja kuhukumiwa. Amri ya kufua majembe yawe panga imeelekezwa kwao, na wengi wanaisoma kama kejeli: haya, jihamini, chukua kila chuma ulicho nacho, hata cha shambani, uje. Mistari mitatu mbele, anaomba mundu, kwa sababu mavuno yameiva, na mavuno yenyewe ni watu. Kiebrania kinatumia maneno mawili tofauti, moja la kisu kilichopinda cha kupogolea mizabibu, jingine la mundu wa kuvunia nafaka. Biblia yangu ya Kiswahili inasema mundu kote, na kusema kweli inatisha zaidi hivyo.

Kiswahili kina jambo jingine pia. Kwenye Biblia ya Muungano, ile ya 1952, "panga" ni wingi wa upanga, silaha ya askari. Lakini nani Kenya anasikia upanga hapo? Sisi tunasikia panga, hili la kukatia kuni na nyasi, ambalo liko nyuma ya kila mlango. Kwa hiyo mstari wa Isaya unatuchanganya kidogo, maana panga letu ni zana ya shamba tayari. Na mstari wa Yoeli hauhitaji mhunzi. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, hakuna aliyelazimika kuwasha tanuri. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba vile vitu kwenye habari za jioni ni vilevile vya nyumbani.

Turudi kwenye meza ya plastiki. Nilisoma Mika mara ya pili, vizuri. Susu akasema, "Sasa mpelekeeni fundi." Alimaanisha hilo panga lifuliwe liwe jembe. Baba akanitazama, anko akatazama kando. Nikalifunga kwa gunia nikapanda boda.

Sultan Hamud ilipata jina la Hamud bin Muhammed, sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, enzi reli ilipokuwa ikijengwa. Leo mji unaishi kwa barabara ya Mombasa. Malori yanavunjika springi, na springi zilizovunjika zinaishia kwa mafundi wa jua kali. Kwa kuwa mpaka na Kajiado uko karibu, fundi ninayemjua anatengenezea Wakamba majembe na Wamasai sime.

Alilitoa panga kwenye gunia, akaligonga kwa kucha, akacheka. "Kijana, hii haiwezi kuwa jembe."

"Mbona?"

"Nyembamba. Panga ni milimita mbili, tatu ukibahatika. Jembe linataka unene pale kwenye tundu la mpini, ama litapinda kwenye jiwe la kwanza. Hapa hakuna nyama." Akaniokotea kipande cha springi ya lori, kizito. "Hii, ukitaka jembe nakupa jembe, ukitaka sime nakupa sime. Moto ni uleule."

Nikamuuliza na panga je, linaweza kuwa sime? Hiyo ni rahisi, akasema. Grinda, kata ncha, noa pande zote mbili, tia mpini, na saa moja haijaisha.

Nilikaa kwenye tairi kuukuu nikiwaza hilo. Yoeli ana njia ya mteremko. Jembe la zamani la Palestina halikuwa kama letu; lilikuwa ncha nyembamba ya chuma iliyovikwa kwenye mti wa plau, ndiyo maana upanga uliweza kufuliwa ukawa hiyo. Hapa Sultan Hamud, kwa panga la kiwandani, nusu ya kwanza ya mstari haifanyiki. Nikakumbuka kuna nusu ya pili: mikuki iwe miundu.

"Na mundu?"

Fundi akaligeuza tena. "Mundu, sawa."

Alichora mwezi mchanga kwa chaki, akakata kwa grinda, cheche zikaruka hadi barabarani. Akaweka kwenye makaa, mvulana akazungusha feni iliyofungwa kwa gurudumu la baiskeli. Chuma kilipokuwa chekundu alikikunja kidogokidogo kwa nyundo kwenye ukingo wa kipande cha reli, kwa sababu ukikunja chuma chembamba kwa pupa kinapata makunyanzi upande wa ndani, na makunyanzi hayatoki. Kisha akakirudisha motoni. Alikuwa na sumaku ya spika iliyokufa, akaikaribisha. Ilipokataa kushika, akajua joto limefika, akakitumbukiza kwenye mafuta machafu ya injini. Moshi, harufu ya matatu. Akapitisha tupa kwenye makali. Iliteleza. "Kigumu, lakini hivi kitavunjika kama glasi." Akakisugua kipande kiking'ae, akakipasha polepole kando ya makaa mpaka kikapata rangi ya majani makavu, akakiondoa. Hapo ndipo kinakubali kupinda bila kuvunjika.

Akanitoza mia tatu. Kipande cha ncha kilichobaki akauliza kama nakitaka. Nikamwachia, na sijui kimekuwa nini.

Anko alipouona mundu alisema ni mdogo kuliko pesa. Baba alisema utafaa kwa nyasi za ng'ombe. Susu hakusema kitu kuhusu mundu. Aliuliza, "Na mpaka?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilisoma mistari kwa kinyume muda wote. Tulikuwa tumefua chuma kabla ya kesi kuamuliwa. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kama mashamba yana hati na ugomvi ni wa mpaka, mahakama haiwezi kuusikiliza kabla msajili wa ardhi hajaamua mpaka uko wapi. Lazima mmoja aandike barua kuomba, kisha pande zote ziitwe siku ya kupima. Kwa miaka sita baba na anko walikuwa wamesema hiyo ni kazi ya yule mwingine.

Niliandika barua mwenyewe, Susu akinisimamia, na wote wawili wakatia sahihi, anko mwisho. Mundu unaning'inia jikoni kwa Susu. Anko huupitia asubuhi akienda kukata nyasi na kuurudisha jioni, na juzi aliniambia umeanza kuwa butu.

Tarehe ya kupima ilikuja Alhamisi. Anko aliipiga picha ile barua, akaituma kwa baba, bila kuandika neno lolote chini yake. Baba aliniambia nimsomee.