PESA ILICHELEWA SIKU KUMI NA MBILI, SHILINGI 9,000 ZIKAPOTEA NJIANI

Leo naongea na wewe uliye ughaibuni na unatuma pesa nyumbani, na wewe uliye hapa Makindu, Kibwezi au Mtito Andei unayengoja meseji ya simu iingie. Pesa ikichelewa, wengi wetu tunashukuru tu siku inapofika na hatuangalii imefika kiasi gani. Nataka uangalie, na nitakueleza kwa nini.

Ndugu yangu mdogo anaishi Texas. Alhamisi, tarehe 8 Februari 2024, alimtumia mama yetu dola 600 za kumalizia tangi la maji kabla ya mvua ya Machi. Unajua hali yetu hapa. Mvua ikikupita bila tangi, utanunua maji kwa mtungi hadi Novemba. Fundi alikuwa ameshachimba na kujenga msingi, akangoja simiti na chuma.

Kampuni aliyotumia sitaitaja, maana shida hii inaweza kutokea kwa kampuni yoyote. Alilipa ada ya dola 8. Risiti yake ilikuwa na mistari mitatu ambayo nakuomba uikariri, kwa sababu ndiyo iliyotusaidia. Kwenye `Exchange Rate` paliandikwa shilingi 157 kwa dola moja. Kwenye `Total to Recipient`, yaani jumla atakayopokea mama, paliandikwa shilingi 94,200. Na kwenye `Date Available`, siku ambayo pesa ingepatikana, paliandikwa tarehe 9 Februari.

Tarehe 9 hakikuingia kitu. Wiki ikapita. Kila ndugu yangu alipopiga simu aliambiwa asubiri. Pesa iliingia kwenye simu ya mama Jumatano, tarehe 21 Februari, na ilikuwa shilingi 85,200. Mama alifurahi, akaniambia, "Mwanangu, pesa ya nduguyo imefika." Nilipolinganisha meseji yake na risiti niliona upungufu wa shilingi 9,000 kamili. Kampuni ilikuwa imefuta muamala wa kwanza ndani kwa ndani, ikaanzisha mwingine wenye namba mpya, na kutumia kiwango cha siku hiyo, shilingi 142.

Kwa nini kiwango kilianguka namna hiyo? Unakumbuka mwanzo wa mwaka huo dola ilifika karibu shilingi 160. Watu waliogopa kwamba Kenya haitaweza kulipa hatifungani ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni. Katikati ya Februari serikali iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili ilipe sehemu ya deni hilo mapema. Hofu ikaisha na shilingi ikapata nguvu haraka. Mwisho wa mwezi dola ilikuwa karibu shilingi 145. Kwa nchi ilikuwa habari njema. Kwa mama, aliyekuwa na dola zilizokwama njiani, kila siku ya kuchelewa ilimpunguzia simiti.

Swali ni moja: hasara ya siku hizo ni ya nani? Kampuni ilisema kiwango hubadilika kila siku na wao hawana uwezo juu ya soko. Ni kweli soko si lao. Lakini ahadi ya shilingi 157 ilikuwa yao, na ndugu yangu alilipa akiitegemea.

Kwa pesa inayotumwa kutoka Marekani kuna kanuni ya serikali kuu iliyoanza kutumika tarehe 28 Oktoba 2013. Inailazimu kampuni kumwonyesha mtumaji ada, kiwango, kiasi kitakachopokelewa na siku ya kupatikana. Pesa ikipatikana baada ya siku iliyoandikwa, hilo ni kosa la kampuni na ada inarudishwa. Mpokeaji akipata pungufu ya kiasi kilichoandikwa, hilo nalo ni kosa, na mtumaji anachagua: arudishiwe upungufu huo yeye, au upelekwe kwa mpokeaji bila ada nyingine.

Kuna mipaka, na ni lazima uijue kabla hujaanza kudai. Kama pesa ilichelewa kwa sababu ya ukaguzi wa ulaghai unaotakiwa na sheria, au kwa sababu ya jambo kubwa lisilozuilika kama vita au janga, ucheleweshaji huo hauhesabiwi kuwa kosa. Na kama mtumaji ndiye aliyeandika namba au jina lisilo sahihi, hana nguvu ileile, na pesa ikitumwa tena inaweza kwenda kwa kiwango kipya. Hapa kwetu jambo la jina huwatesa wengi: laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mjukuu, na pesa imetumwa kwa jina la nyanya.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ndugu yangu ilikuwa kuuliza kwa maandishi: pesa ilikwama kwa sababu gani? Kampuni ilijibu kwa barua pepe kwamba mfumo wao ulipoteza mawasiliano na mshirika anayelipa hapa Kenya. Jibu hilo lilikuwa muhimu kuliko simu zote alizopiga. Halikutaja ukaguzi wala jina. Tatizo lilikuwa la kampuni na mshirika wake, basi.

Kabla ya hapo kulikuwa na mtego mmoja. Siku ya sita, mhudumu mmoja alimwambia, "Tukurudishie dola zako 600, utume upya." Ilisikika kama wema. Lakini dola zile zile zikitumwa upya zingekwenda kwa kiwango kipya, na hasara ingekuwa yake kwa hiari yake mwenyewe. Nilimwambia, "Usikubali. Waambie wapeleke shilingi walizoandika." Shika hili, mpendwa: kama shilingi imepata nguvu tangu ulipotuma, dai kiasi kilichoandikwa kwenye risiti kifike. Kama shilingi imedhoofika, kurudishiwa dola na kutuma upya kunaweza kukufaa zaidi. Angalia kiwango cha siku hiyo kwanza, ndipo ujibu.

Baada ya pesa kuingia pungufu, kampuni ilimpa zawadi: muamala ujao bila ada. Hakuichukua. Ada iliyolipwa hurudishwa kama pesa, na zawadi ile haikugusa shilingi 9,000.

Tukakaa kwenye simu usiku, tukaandika dai fupi. Lilipelekwa kwa Kiingereza, ila maneno yake yalikuwa haya:

"Naripoti kosa kwenye muamala wangu wa tarehe 8 Februari 2024, namba iliyo kwenye risiti niliyoambatisha. Mpokeaji ni mama yangu, Makindu, Kenya. Risiti yenu ilisema atapata shilingi 94,200 tarehe 9 Februari. Alipata shilingi 85,200 tarehe 21 Februari. Mmeandika wenyewe kwamba sababu ni mfumo wenu. Naomba mambo mawili: mnirudishie ada ya dola 8, na mpeleke shilingi 9,000 zilizobaki kwenye simu ya mpokeaji bila ada yoyote. Namba mpya mliyofungua tarehe 21 haifuti risiti ya kwanza."

Akaambatisha risiti zote mbili, barua pepe ya sababu, na picha ya meseji ya mama yenye tarehe na kiasi. Hakuandika hasira wala historia ya familia. Aliomba upungufu kwa shilingi makusudi, ili pasizuke ubishi mwingine wa kuubadilisha kuwa dola kwa kiwango gani.

Ona pia kwamba aliyedai ni yeye, si mama wala mimi. Mkataba ni wa mtumaji. Wewe uliye Makindu ukipiga simu kwa kampuni ya Marekani, watakuambia mtumaji ndiye azungumze nao. Kazi yako ni kutunza meseji usiifute, na kumpelekea nduguyo picha yake mapema.

Muda nao una mwisho. Kanuni inampa mtumaji siku 180 tangu siku iliyoandikwa kuwa pesa itapatikana. Kwetu zingekwisha tarehe 7 Agosti 2024. Kampuni nayo ina siku 90 za kuchunguza, kisha siku 3 za kazi kutoa jibu. Ikikataa ni lazima ieleze sababu kwa maandishi, na mtumaji anaweza kuomba nyaraka walizotumia kuamua. Asiporidhika, anapeleka lalamiko kwa ofisi ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, kwenye consumerfinance.gov/complaint.

Sisi hatukufika huko. Wiki ya tano mama alipata shilingi 9,000, na ndugu yangu akarudishiwa dola 8 kwenye kadi yake.

Sikufichi kilichobaki. Kanuni ile hairudishi kila kitu. Fundi aliyengoja siku kumi na mbili alikwenda kazi nyingine Emali, na tulimlipa fundi mwingine zaidi ili tuiwahi mvua. Gharama hiyo hatukuiombea, kwa sababu kinachorekebishwa ni ada na kiasi cha pesa, si madhara yaliyofuata.

Kama nduguyo yuko Uingereza, njia ni nyingine: analalamika kwanza kwa kampuni, ambayo kwa kawaida ina siku 15 za kazi kujibu. Akipewa jibu la mwisho asiloridhika nalo, ana miezi 6 kulipeleka kwa ofisi ya usuluhishi, financial-ombudsman.org.uk, bila malipo. Na kama shida iko kwa kampuni ya kutuma pesa yenye leseni ya Kenya, msimamizi wake ni Benki Kuu ya Kenya, chini ya kanuni za mwaka 2013.

Kuna washirika walioniambia, "Mchungaji, tumwachie Mungu hiyo elfu tisa." Naheshimu moyo huo. Lakini pesa ile ni zamu za usiku za kijana aliyesimama kazini ili mama yake asibebe mtungi. Kudai kilichoandikwa kwenye risiti si ugomvi. Kampuni iliandika neno, tukaiomba ilitimize.

Ombi la mwisho. Usiweke risiti yako wala namba ya muamala hapa chini kwenye maoni. Kuna watu wanaojifanya wahudumu wa kampuni, wanakuja faraghani kuomba namba ya siri ili "wakurudishie pesa". Hakuna anayehitaji namba yako ya siri kukurudishia ada. Nenda kwenye risiti yako ya mwisho, tafuta ile mistari mitatu, uilinganishe na meseji ya nyumbani. Kama haifanani, hesabu siku zako kuanzia siku ya kupatikana iliyoandikwa kwenye risiti.