Kuku Tunampuliza Manyoya, Losheni Tunainusa Tu

Wasee, hii si stori ya jirani wala ya "rafiki yangu mmoja." Ni yangu. Nimekaa nayo wiki tatu nikiona aibu, halafu nikagundua aibu yangu haimsaidii mtoto wa mtu yeyote. Kwa hivyo kaeni hapo niwaambie.

Niko nyumbani Iguhu, huku Ikolomani, tangu nijifungue. Mtoto wangu ana miezi minne. Losheni niliyokuwa nikimpaka, ile ya chupa nyeupe yenye picha ya mtoto anacheka, kwenye kemisti mjini Kakamega inauzwa shilingi 380. Siku ya soko nikaipata kwenye meza ya mama mmoja ninayemjua tangu nikiwa shule ya msingi. Shilingi 150. Chupa ni ile ile, na picha ni ile ile. Nikafungua kifuniko, nikanusa, ikanukia mtoto. Nikalipa haraka kabla hajabadilisha mawazo, na nikatembea hadi nyumbani nikijiona mjanja. Hiyo 230 niliyookoa nilikuwa nimeshaipangia kazi: pampasi.

Siku ya pili shingo ya mtoto ikawa nyekundu. Siku ya tatu wekundu ukashuka kwapani na kwenye mikunjo ya mapaja, na ngozi ikawa kavu, inakwaruza kama karatasi. Usiku hakulala, na mimi pia sikulala. Nikadhani ni joto. Halafu, cheki vile akili hufanya kazi, nikamwongezea losheni ndiyo ngozi ilainike.

Asubuhi nikambeba kliniki. Muuguzi alimwangalia, akampima joto, akaniuliza kitu gani kimebadilika. Sabuni? Nguo? Maziwa? Nikatoa chupa kwenye begi. Akaishika, akaipindua, akaniuliza polepole, "Mama, umesoma nini hapa?"

Nikanyamaza. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Nasoma maoni ya watu kwenye simu mpaka saa nane za usiku. Lakini chupa ninayompaka mtoto mwili mzima, mara mbili kwa siku, sikuwa nimesoma hata mstari mmoja.

Hakunigombeza. Aliniambia niache hiyo losheni leo hii, nimwoshe kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni yenye harufu, na nimpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kidogo tu. Nikiona homa, usaha au malengelenge, nirudi mbio. Halafu akaongeza jambo ambalo nalishukuru sana. Alisema hawezi kuniambia kilicho ndani ya ile chupa kwa kuiangalia, maana hiyo ni kazi ya maabara. Hata losheni halali inaweza kumkataa mtoto mmoja na kumkubali mwingine. Kwa hivyo upele peke yake hauthibitishi kwamba kitu ni feki. Maandishi ndiyo yangenipa mwanga zaidi.

Nikarudi nyumbani nikamweleza mama yangu. Sasa, mama yangu akinunua kuku, hapo ni mtihani. Anampuliza manyoya aone ngozi, anamfungua mdomo, anamwangalia macho, anamgeuza nyuma aone kama anaharisha, halafu ndiyo mambo ya bei yaanze. Mahindi anayauma kwa jino ajue kama yamekauka. Akaniangalia akasema, "Kuku wa kula siku moja tunampuliza. Wewe kitu cha mtoto umenusa tu?"

Iliuma. Kesho yake nikapanda boda hadi Kakamega na ile chupa, nikaomba yule kijana wa kemisti aniwekee ya kwao kando ya yangu. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma, nikiwa na miaka 23.

Tulianzia chini. Kwenye chupa ya kemisti, kitako kilikuwa na mstari wa vidoti vidogo vya wino: nambari ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa kutumia. Boksi lake lilikuwa na nambari hiyo hiyo. Bechi ni kundi lote lililotengenezwa pamoja, kwa hivyo likipatikana na shida, kampuni inajua ni chupa zipi irudishe. Yangu ilikuwa na kistika cha tarehe peke yake. Nambari ya bechi hakuna, boksi hakuna. Kijana akalowesha kidole, akakisugua kile kistika, na wino ukabaki kwenye kidole chake. Nikaona mwaka wa mwisho wa kutumia ukipotea mbele ya macho yangu.

Tukaja kwenye orodha ya vilivyomo. Kuna siri hapa ambayo hakuna mtu alikuwa amewahi kuniambia: orodha hiyo hupangwa kwa wingi. Kilicho kingi zaidi kinatangulia, na kinaendelea kupungua unaposhuka. Ni vile vidogo sana tu, vya chini ya asilimia 1, ambavyo huruhusiwa kuandikwa kwa mpangilio wowote kule mwisho. Ya kemisti ilianza na maji, ikafuata mafuta, ikafuata glisirini, na manukato yalikuwa karibu na mwisho. Yangu ilianza na maji, halafu manukato. Ya pili! Hata kama orodha hiyo ilitungwa tu na mtu asiyejua kazi, bado ilikuwa imeniambia ukweli: ama ndani kumejaa harufu, ama aliyeandika hajui alichoweka. Na ile harufu tamu iliyonifanya nilipe haraka, pengine ndiyo iliyokuwa ikichoma shingo ya mtoto.

Mtengenezaji je? Ya kemisti ilikuwa na jina la kampuni, sanduku la posta na mji. Yangu iliandikwa imetengenezwa Kenya, basi. Kenya ni kubwa, bro.

Mwisho tukafika kwenye alama ya KEBS, lile Shirika la Viwango. Hapa nilijitetea. Nikasema, "Lakini alama si iko?" Na kweli ilikuwako, nyeusi na safi. Kijana akacheka. Akaniambia alama ni mchoro, na mchoro mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuuchapisha. Cha maana ni nambari ya kibali iliyo chini yake. Unaandika ujumbe unaoanza na SM# halafu hiyo nambari bila nafasi, unatuma kwa 20023. Yaani kama nambari ni 12345, unaandika hivi:

```
SM#12345
```

Tukatuma ya chupa ya kemisti kwanza. Jibu likaja na jina la kampuni, bidhaa na chapa, vyote vinafanana na chupa, na kibali bado hakijaisha muda. Tukatuma yangu. Jibu likaja pia, kibali kipo, cha halali kabisa. Ila ni cha kampuni inayouza maji ya kunywa.

Nilisoma hiyo meseji mara tatu. Mtu alichukua chupa ya maji, akanakili nambari, akaibandika kwenye losheni ya mtoto, akijua kwamba mimi na wewe hatutawahi kuiuliza. Na karibu angekuwa sahihi.

Sasa msitoke hapa mkidhani meseji inamaliza kila kitu. Mjanja akinakili nambari ya losheni yenyewe halisi, jibu litakuja safi. Kuna njia mbaya hata zaidi: chupa halisi, lebo halisi, nambari halisi, halafu ndani kumejazwa kitu kingine. Hapo maandishi yote yatasema kweli na losheni itasema uongo. Ndiyo maana unaangalia pia sili ya chini ya kifuniko. Kama imetoboka, imebandikwa na gundi, au haipo wakati ile ya kemisti inayo, achana nayo. Na bei ni maandishi pia, isome. Kitu kinachouzwa 380 kila mahali kikipatikana kwa 150, kuna mtu hapo katikati hajalipia kitu fulani.

Hiyo ya kujaza upya ilinikumbusha jambo. Kuna jamaa hupita kijijini akinunua chupa tupu. Mimi mwenyewe nimemuuzia za losheni, na vifuniko vyake. Sijui anazipeleka wapi, na sitamsingizia. Lakini siku hizi chupa ikiisha naitoboa na msumari na kuchana lebo kabla haijatoka kwangu.

Sehemu ngumu ilikuwa yule mama wa sokoni. Vidole vilikuwa vinaniwasha nimpige picha, niposti, tumpe moto. Mngependa, najua. Lakini nilienda kwake bila kamera. Nikamwonyesha picha za shingo ya mtoto, kisha nikamwonyesha ile meseji. Aliketi kwenye ndoo yake akashika mdomo. "Mtoto wangu, mimi hununua kwa kijana wa gari. Ananiletea katoni, ananiambia ni za ofa." Risiti hana, na jina la huyo kijana analojua ni la utani. Halafu akasema kitu kilichonimaliza: mjukuu wake anapakwa hiyo hiyo.

Tukazikagua pamoja zilizobaki. Zilikuwa kumi na moja, zote zina nambari moja ya kampuni ya maji. Alizitoa mezani. Alikuwa anapoteza pesa ya wiki nzima, na sikuwa na cha kumwambia. Tulipiga simu ya bure ya KEBS, 1545, tukaeleza. Chupa hatukuzimwaga, maana kijana wa kemisti alinionya kwamba bila bidhaa yenyewe hakuna cha kupimwa maabara.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo. Naipenda hiyo sheria. Lakini habari nilikuwa nimepewa, wasee. Zilikuwa zimechapishwa mgongoni mwa chupa, zingine za kweli na zingine za uongo, zikinisubiri nizilinganishe. Na simamii wale wanaosema maskini aache kupenda bei rahisi. Mimi bado natafuta bei rahisi, sina namna. Ila siku hizi hata ya bei rahisi lazima inijibu kwanza kabla sijatoa pesa.

Ngozi ya mtoto ilitulia baada ya siku kama nane. Anacheka tena, analala. Yule mama wa sokoni naye ameanza kumwomba kila anayemletea bidhaa jina kamili na risiti, na wawili wameshamkimbia.

Losheni yako iko wapi saa hii? Ipindue. Tuma hiyo nambari, halafu uniambie umejibiwa ni ya nani.