Daktari wa YouTube aliyenyamaza

Jumamosi jioni jirani yangu hapa Mafiga alinijia na simu mkononi. Binti yake wa miaka 12 alichanjwa shuleni chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Sasa ameona video ya daktari YouTube akisema dozi ni mbili, zikipishana miezi sita.

"Mdogo wangu, kwa hiyo mwanangu amekosa ya pili?"

Alikuwa ameshamuuliza daktari huyo kwenye maoni. Wiki ya tatu hiyo anasubiri jibu.

Tukagusa picha ya duara chini ya video, tukaingia kwenye chaneli. Ukurasa wa "Home" ulionekana umechangamka, lakini usiuamini, maana video zilizopo hapo si lazima ziwe mpya. Hata idadi ya wafuasi haisemi kitu, kwa sababu watu hawajiondoi chaneli ikinyamaza. Gusa "Videos", kisha "Latest". Ya juu kabisa iliandikwa "5 years ago". Maandishi hayo hukata miezi: "1 year ago" yaweza kuwa mwaka mmoja na miezi 11. Ili kupata tarehe kamili tuliifungua, tukagusa "...more" karibu na kichwa chake. Machi 2020.

Kabla ya kuhukumu tukapita "Shorts" na "Live", kwani wengine huacha video ndefu wakahamia huko. Hakukuwa na kitu.

Kimya peke yake hakitoshi. Anayeweka video moja kila baada ya miezi mitatu hajaondoka kwa kukaa kimya miezi minne. Huyu alikuwa akiweka kila wiki, kisha kila mwezi, kisha basi. Kwenye maoni tukachagua "Newest": maswali ya akina mama yamerundikana, jina la daktari halipo hata mara moja.

Daktari hakudanganya. Tanzania ilipoanza kutoa chanjo hii nchi nzima mwaka 2018, ilikuwa dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14. Aprili 2024 ikawa dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Yeye hakuwepo tena kurekebisha. (Hata chaneli iliyo hai huacha video zake za zamani palepale, kwa hiyo angalia pia tarehe ya ile unayoitazama.)

Jumatatu alikwenda na kadi kituo cha afya. Muuguzi akamwambia binti amemaliza, ila kwa wenye upungufu wa kinga mtaalamu ndiye huamua.

Jioni alirudi kwenye ile video. Akina mama wawili walikuwa wameuliza swali lilelile, akawajibu yeye.