Barua kwa mnunuzi wa supamaketi: hesabu ya chupa za siagi ya karanga kutoka Segese

Sisi ni familia ya Segese, katika Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga. Majirani zetu wengi huishi kwa dhahabu, ama kwa kuchimba wenyewe katika machimbo madogo, ama kwa kuwauzia wachimbaji chakula. Sisi tunaishi kwa karanga. Tunazikaanga, tunazisaga, na kuziuza zikiwa siagi katika chupa za gramu 400. Kwa muda mrefu wateja wetu walikuwa maduka ya jirani na magulio. Mwaka huu tuliamua kumwandikia barua pepe mnunuzi wa supamaketi moja ya Mwanza, kumwomba nafasi katika rafu zake. Tunaona vema tuwasimulie wasomaji jinsi barua hiyo ilivyotungwa, kwa sababu kazi kubwa haikuwa ya maneno bali ya hesabu.

Mnunuzi wa supamaketi hupokea maombi mengi, na rafu zake zina mwisho. Akiweka chupa yetu, hana budi kuondoa au kusogeza bidhaa nyingine. Basi asomapo barua hutafuta mambo manne tu: je, bidhaa ni salama na ina vibali, mteja wake atailipia shilingi ngapi, mleta bidhaa ataweza kuileta bila kukatiza, na isiponunuliwa, hasara itakuwa ya nani. Kijana wetu alitaka tuanze kwa kueleza utamu wa siagi yetu. Mama akamjibu, “Mwanangu, utamu ataonja mwenyewe. Mwambie asiyoweza kuyaonja.”

Jambo la kwanza lisiloonjeka ni sumukuvu. Hii ni sumu itokanayo na ukungu unaoota juu ya karanga na mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yaliyoathirika. Kukaanga hupunguza sehemu yake tu, na karanga zikishasagwa hapana jicho liwezalo kuitambua. Kwa hiyo ulinzi wote hufanyika kabla ya mashine. Sisi hununua karanga zikiwa na maganda, kwa sababu baadhi ya wabanguaji huyanyunyizia maji ili yalainike, na maji hayo ndiyo huukaribisha ukungu. Tunazianika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, mpaka ukitikisa ganda usikie punje zikigonga ndani. Baada ya kubangua huketi na kuchambua kwa mkono: iliyosinyaa, iliyopasuka, iliyobadilika rangi na yenye ukungu huondolewa. Hazilishwi kuku, wala hazikamuliwi mafuta ya nyumbani, maana sumu huwafuata walaji huko huko. Kisha sampuli hupelekwa maabara. Kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kila kilo, na cheti cha maabara ndicho ushahidi wa kumpa mnunuzi.

Vibali vilianzia SIDO, walikotupatia barua ya utambulisho ya kwenda Shirika la Viwango, yaani TBS. Mjasiriamali mdogo mwenye barua hiyo huhudumiwa na TBS bila ada ya leseni kwa miaka 3 ya mwanzo. Baada ya leseni tulichukua msimbomilia, ile mistari myeusi isomwayo na mashine ya mhasibu wa duka. Kwa namba zitolewazo Tanzania huanza na 620. Pasipo mistari hiyo chupa haiwezi kupita kwenye kaunta ya supamaketi, hata ikiwa nzuri namna gani.

Hesabu ya bei ndiyo iliyotuchukua usiku mwingi zaidi. Katika kilo 10 za karanga zilizobanguliwa, sisi huondoa takriban kilo 1 kwa kuchambua, na nyingine huondoka kwa unyevu na maganda mekundu wakati wa kukaanga. Hubaki kilo 8 za siagi, yaani chupa 20. Karanga tulizinunua kwa gharama iliyofikia shilingi 3,500 kwa kilo baada ya kubangua, kwa hiyo kila chupa imebeba karanga za shilingi 1,750. Chupa na kifuniko, lebo, chumvi, umeme, ujira, boksi na nauli ya kufika Mwanza ni shilingi 1,750 nyingine. Jumla ni 3,500. Tukaamua kumwuzia mnunuzi kwa 4,500.

Lakini bei ya mnunuzi siyo bei ya rafu. Tuseme duka linaongeza faida ya asilimia 25: chupa inafika 5,625. Siagi ya karanga ni bidhaa iliyosindikwa, na duka kubwa lililosajiliwa hulipisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Hapo mteja anakuta karibu shilingi 6,650. Tulikwenda dukani kama wateja, tukasoma bei za chupa zilizopo za uzito unaokaribiana, tukaona yetu itakaa katikati. Kama ingezizidi zote, ingetupasa kupunguza gharama kwanza, si kutuma barua.

Hesabu ya mwisho ndiyo iliyotutia hofu, nayo ni ya muda. Maduka makubwa hayalipi siku ya kupokea. Tungeahidi chupa 120 kila wiki na kulipwa baada ya siku 45, tungekuwa tumepeleka mizigo 7 kabla ya kuona shilingi moja, na kila mzigo una gharama ya 420,000. Hizo ni karibu milioni 3. Mtaji wetu wote ulikuwa milioni 1 na laki 3, na ndani yake mna ada ya shule. Pengo hilo wengine hulijaza kwa mkopo wa riba, mlango ambao sisi hatuufungui. Tukageuza hesabu: chupa 60 kila baada ya wiki 2, malipo ndani ya siku 30. Hapo mizigo inayokuwa nje kabla ya malipo ya kwanza ni 3, yaani 630,000. Kiasi hicho mtaji wetu unakihimili hata kama malipo yangechelewa wiki chache.

Na kuchelewa si jambo la kubuni. Uchumi ilifunga maduka yake nchini mwaka 2015, na Nakumatt, iliyokuwa imenunua maduka ya Shoprite mwaka 2014, nayo ikaondoka miaka michache baadaye. Wasambazaji waliachwa na ankara mikononi. Ukubwa wa jina juu ya mlango si dhamana ya deni.

Baada ya hayo barua ilikuwa fupi. Tuliiandika hivi:

“Kuhusu: Ombi la nafasi ya rafu, siagi ya karanga gramu 400 kutoka Segese.

Ndugu Meneja wa Manunuzi, salaam. Sisi ni wasindikaji wadogo wa Segese, wilayani Kahama. Tunaomba nafasi ya chupa 6 kwa upana katika tawi lako moja, kwa majaribio ya miezi 3.

Bei yetu ni shilingi 4,500 kwa chupa, ikijumuisha kufikisha dukani. Hatujasajiliwa kwa VAT. Risiti ya EFD tunatoa. Bei hii haitabadilika hadi tarehe 31 Desemba. Tunaweza kuleta chupa 60 kila baada ya wiki 2, katika maboksi ya chupa 12. Tunaomba malipo ndani ya siku 30 tangu kupokea.

Chupa ina nembo ya TBS, msimbomilia, namba ya toleo, na tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Hatutii kigandishi, kwa hiyo mafuta hupanda juu. Lebo inamwelekeza mteja akoroge. Chupa yenye kasoro yetu tutaibadilisha bila gharama kwako.

Tumeambatisha leseni, cheti cha maabara cha sumukuvu na picha ya chupa. Tukiruhusiwa, tutaleta chupa 3 za kuonja siku utakayoitaja.”

Maneno ya mafuta kupanda juu tuliyaweka kwa makusudi. Asiyejua akiona mafuta juu ya chupa hudhani imeharibika, akairudisha. Siagi iliyoharibika hutambulikana kwa harufu ya mafuta yaliyochacha na uchungu mwishoni mwa ulimi. Ilikuwa heri mnunuzi aisome tofauti hiyo kwetu kuliko kuisikia kutoka kwa mteja aliyekasirika. Tarehe ya kudumu kwa bei nayo ina sababu yake. Karanga huku huvunwa kuanzia Aprili, na hupanda bei kadiri msimu mpya unavyokawia. Akiba yetu ya mavuno ilitosha hadi Desemba. Kuahidi zaidi kungekuwa kuahidi mali tusiyo nayo.

Jibu lilikuja baada ya siku 9. Alitaka sampuli, na alipendekeza tuweke chupa kwa mali kauli: tulipwe zikishauzwa. Tulijadiliana nyumbani kwa utulivu, maana mali kauli na kuuza kwa deni ni mambo mawili. Katika kuuza kwa deni, chupa ni za duka tangu zinapopokelewa, na zikipitwa na tarehe hasara ni ya duka. Katika mali kauli chupa zinabaki zetu hadi mteja azilipie; zikipitwa na tarehe hasara ni yetu. Lililo baya ni mkataba usiotamka ni lipi kati ya hayo, ambapo duka linahesabu faida kama mwenye mali na kukwepa hasara kama mwekewa.

Tulimjibu kwamba tunakubali mali kauli kwa mzigo mmoja tu wa chupa 60. Tulishika masharti matatu yaliyoandikwa: kuhesabu chupa pamoja kila baada ya wiki 2, kulipwa siku ya kuhesabu, na duka kubeba zilizovunjika au kupotea mikononi mwake. Mizigo inayofuata itakuwa mauzo ya siku 30. Alikubali, akatia saini.

Katika hesabu ya kwanza zilikuwa zimeuzwa chupa 38. Tulilipwa 171,000 siku hiyo hiyo, tukapanga upya zilizobaki, zenye tarehe ya karibu zikatangulia mbele. Hesabu ya pili itafanyika wiki ijayo, insha Allah, na hapo ndipo tutakapojua kama wale 38 walirudi kununua tena, au walionja tu.