Shimo la Bonga

Kwa mhandisi wa ujenzi aliyetoka chuoni, swali hili huwa halikosi kwenye usaili: "Tueleze tatizo la kiufundi ulilokutana nalo saiti, na namna lilivyotatuliwa." Kwa muda mrefu nililijibu kwa kusema tulipata changamoto ya ushindiliaji, tukashirikiana na mhandisi mshauri, na kazi ikakamilika kwa kiwango kilichotakiwa. Yote yalikuwa kweli. Wajumbe wa jopo waliandika mstari mmoja, wakanishukuru, wakamwita anayefuata.

Aliyenibadilisha ni mhandisi mstaafu wa hapa Babati, mzee aliyezeekea kwenye barabara. Nilikwenda kumwamkia nikiwa na jibu langu nimeliandika vizuri kwa mpangilio unaofundishwa kila mahali: hali, jukumu, hatua, matokeo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hapo umenisomea kitabu. Sasa nieleze shimo."

Shimo alilolitaka ni lile la kipimo cha mchanga. Kazi yenyewe ilikuwa barabara ya mtaa Bonga. Wanaofuatilia barabara kuu wanaijua Bonga kwa kipande cha Mela–Bonga, sehemu ya barabara ya Dodoma–Babati ya kilomita 251 iliyozinduliwa Aprili 2018. Yetu ilikuwa ndogo mno kando ya hiyo: tabaka la changarawe lenye unene wa sentimita 15, likishindiliwa wakati wa kiangazi. Mkataba ulitaka ushindiliaji wa asilimia 95 ya msongamano mkavu wa juu uliopatikana maabara. Sisi tulipata 91.

Mzee alinitaka nimwonyeshe hiyo 91 ilikotoka, nikafungua kitabu changu cha kumbukumbu za kazi. Tulichimba shimo kwenye tabaka na kupima udongo wote uliotoka: gramu 2,790. Tukalijaza kwa mchanga mkavu ambao msongamano wake tulishaujua, gramu 1.40 kwa sentimita ya ujazo. Zikaingia gramu 2,100, kwa hiyo shimo lilikuwa na sentimita za ujazo 1,500. Gawanya 2,790 kwa 1,500, unapata msongamano mbichi wa 1.86. Unyevu ulikuwa asilimia 6, hivyo tukagawanya 1.86 kwa 1.06, tukabaki na msongamano mkavu wa 1.755. Maabara ilisema changarawe ile inaweza kufika 1.92 ikiwa na unyevu wa asilimia 11. Hapo ndipo 91 ilipotoka.

"Sasa," akasema mzee, "ulijuaje kwamba shida ilikuwa maji?"

Swali hilo halikuwamo kwenye mpangilio wangu wa sehemu nne, na ndilo linalotenganisha mhandisi na msimuliaji. Kipimo kinapofeli, washukiwa huwa watatu. Huenda tabaka ni nene kupita uwezo wa rola, huenda unyevu haufai, au huenda udongo uliomwagwa barabarani si ule uliopimwa maabara, na hapo unalinganisha vitu viwili visivyohusiana. Forumani wetu alitaka rola irudie tu, na si ajabu, kwa sababu saiti nyingi ndivyo zinavyofanya. Lakini changarawe kavu hukataa kujipanga. Rola inaweza kupita mpaka jioni na namba ikapanda kidogo sana.

Tulimchunguza kila mshukiwa. Shimo lilikuwa na kina cha sentimita 15 kama ilivyotakiwa, na udongo wa chini ulikuwa mgumu sawa na wa juu. Tabaka likiwa nene kupita kiasi, juu huwa gumu na chini hulegea, kwa hiyo unene ukaondoka kwenye orodha. Rangi ya changarawe ilikuwa ile ile, ila rangi si ushahidi, kwa hiyo tulipeleka sampuli ya barabarani maabara. Ilirudi na 1.91, tofauti ndogo isiyoweza kueleza pengo letu. Kilichobaki ni unyevu: 6 badala ya 11. Chanzo chake kilionekana kwenye ratiba ya siku. Boza lilimwaga maji asubuhi, rola ikachelewa kwenye kipande kingine, jua na upepo vikamaliza maji kabla haijafika.

Kwa mzee, hatua zilipaswa kuwa na kiasi. Kipande kilichofeli kilikuwa na urefu wa mita 40 na upana wa mita 6, yaani mita za ujazo 36, sawa na takriban tani 63 za changarawe kavu. Kuipandisha unyevu kwa asilimia 5 kulihitaji lita 3,200 hivi, na tuliongeza kidogo kwa ajili ya maji yatakayopotea hewani. Greda ilikwangua tabaka lote, boza likamwaga kwa awamu huku greda ikigeuza udongo, rola ikafuata nyuma yake bila kusubiri. Kumwaga yote kwa mkupuo ni hatari, kwani unyevu ukizidi sana, udongo huanza kucheza chini ya rola na unakuwa umehama shida moja kwenda nyingine. Tulipopima tena, shimo la ujazo ule ule lilitoa gramu 3,090 kwa unyevu wa 10.5. Hiyo ni 1.864, au asilimia 97.

Mzee aliniongezea mambo mawili. La kwanza, nisijipe madaraka. Nilikuwa mhitimu, na tabaka hukataliwa au kukubaliwa na mhandisi mshauri. Kwa hiyo nilijifunza kusema: nilipima, nikakokotoa, nikapendekeza, yeye akaidhinisha. Majopo yana watu waliokaa saiti miaka mingi, nao hutambua haraka mhitimu anayedai aliamuru. La pili, matokeo yasiishie kwenye 97. Kilichonipa heshima ni kwamba baada ya pale tulifanya kazi kwa vipande vifupi, na unyevu ulipimwa kabla rola haijaanza, siyo baada ya kufeli.

Jibu langu jipya lilichukua kama dakika tatu. Hali na jukumu zilipata sentensi chache. Muda mwingi niliutumia kwa washukiwa watatu na maji. Katika usaili uliofuata mjumbe mmoja alinikatiza: "Na kama ungekuwa udongo mweusi wa mbugani?" Nilimwambia maji yasingeuponya, kwa sababu tatizo lake ni kuvimba ukilowa na kupasuka ukikauka; ningeangalia nguvu yake na kiwango cha kuvimba, kisha nipendekeze uondolewe au ufunikwe kwa udongo bora wa unene wa kutosha. Tukaanza kuzungumza kama watu wa kazi moja. Kazi hiyo niliipata, na bado ninaifanya.

Wewe uliye kwenye mafunzo ya vitendo ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kitabu chako cha kumbukumbu usikijaze mwisho wa mwezi kwa maneno kama "kusimamia ushindiliaji". Siku kipimo kikifeli, andika siku hiyo hiyo uzito, unyevu, kina cha shimo, ulichokishuku na kilichokufanya ukiondoe. Jopo litakuuliza hayo.